Radi moja ina uniti ngapi?

Masika yaliyopita radi ilipiga mnazi nyuma ya nyumba ya jirani yangu, hapa Wete, mara tu baada ya sala ya Alasiri. Mwanga na kishindo vilikuja pamoja, hapakuwa hata na nafasi ya kusema "Subhanallah" kati yao. Mvua ilipolegea tulitoka kutazama. Mnazi ulikuwa umesimama. Gome lilikuwa limechanika mstari mmoja, upana wa kiganja, kuanzia chini ya makuti mpaka usawa wa kifua cha mtu, na nyuzinyuzi zimetoka nje kama kumbi lililochambuliwa. Ndani ya nyumba televisheni ilikuwa imekufa. Kwangu, feni.

Jioni barazani mazungumzo hayakuwa ya mnazi, yalikuwa ya uniti. "Umeme wote ule umeingia mchangani bure," alisema mzee mmoja, "na mimi mita yangu ya Tukuza imebakiwa na uniti nne." Kijana mmoja akatoa simu akatuonesha klipu ya WhatsApp inayosema radi moja inaweza kuwasha mji mzima kwa mwaka, ila wakubwa hawataki tujue. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, wewe umesomesha fizikia. Kweli hii?"

Jibu fupi nililompa ni kwamba mnazi wenyewe umeshajibu. Hakuridhika, na alikuwa na haki, kwa hiyo hapa nalitoa jibu refu.

Tuanze na neno, maana nusu ya mkanganyiko imo humo. Kiswahili kinaita umeme ule mmweko wa mawinguni, na kinaita umeme huu unaopita kwenye waya wa nyumba. Jina moja, vitu viwili. Ni kweli kwamba vyote ni chaji zinazosafiri. Lakini mtu akisikia jina moja hudhani ni bidhaa moja, kwamba ule wa juu ni huu wa chini uliokosa mita. Katika makala haya nitasema "radi" kwa ule wa mawinguni, na "umeme" nitauachia waya wa nyumbani.

Uniti ni neno la pili. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000, tuseme pasi, kikila moto saa nzima bila ya kukata. Hicho ndicho tunachonunua. Hatununui ukali wa umeme, tunanunua nishati: ukali mara muda. Pasi ya wati 1,000 kwa dakika sita na taa ya wati 10 kwa saa kumi zinakula sawasawa, moja ya kumi ya uniti, ingawa moja inaunguza mkono na nyingine unaweza kulala chini yake.

Tofauti hii kila aliyezaliwa kwenye minazi anaijua, hata kama hajaipa jina. Nazi na kumbi lake, kilo moja na nusu hivi, ikianguka kutoka mita 15, inaweza kumuua mtu. Ukali wake hauna mzaha. Sasa nishati yake ni kiasi gani? Ni jouli 220 tu, na uniti moja ina jouli milioni 3.6. Kama ungeweza kuinasa nazi ile yote bila ya kupoteza chochote, ungewasha taa ya wati 9 kwa sekunde 24. Inavunja kichwa kwa sababu inatoa kidogo chake chote kwa mara moja, mahali pamoja. Radi ni nazi ya aina hiyo, ila imetoka mbali zaidi.

Basi radi ina kiasi gani? Wanaoipima wanakubaliana kwamba radi ya kawaida inayoshuka ardhini ina nishati ya kama jouli bilioni 1, kutoka juu kwenye wingu mpaka chini. Zipo kubwa zaidi, mara tano na hata kumi, lakini bilioni moja ni kipimo cha haki kwa hesabu ya barazani. Gawa kwa milioni 3.6, unapata uniti 278.

Hapo kijana alishusha simu. Alitegemea mamilioni.

Tuzipime kwa nyumba. Nilichukua yangu: friji inakula kama uniti 1.1 kwa siku, taa tano za wati 9 kwa saa tano, televisheni ya wati 60 kwa saa tano, feni usiku, pasi dakika ishirini, na chaja za simu. Jumla inazungukia uniti 2.5 kwa siku, 75 kwa mwezi. Kwa hiyo radi nzima, ikinaswa yote bila ya kudondoka hata tone, ingeiendesha nyumba hii moja muda usiofika miezi minne. Si mji. Wala si mtaa. Nyumba moja yenye friji moja, kwa miezi mitatu na siku ishirini hivi.

Au tuzipime kwa kule umeme wetu unakotoka. Pemba tunalishwa na waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, uliowashwa mwaka 2010, wenye uwezo wa kubeba megawati 20. Ukibeba uwezo wake wote, waya ule unatuletea uniti 278 kila sekunde 50. Wenzetu wa Unguja wana waya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, uliokamilika 2013, nao ukijaa unapitisha kiasi hicho hicho kila sekunde 10. Kimya kimya, chini ya nyavu za wavuvi, radi nzima nzima inapita kila sekunde kumi na hakuna anayeruka. Na kwa mwenye bodaboda: nishati ya radi ile ni sawa na iliyomo kwenye petroli lita 31 hivi, dumu moja na nusu.

Kwa nini basi inatisha kiasi kile? Kwa sababu ya muda. Radi nzima, pamoja na kule kuchezacheza kwa mwanga tunakokuona, huisha ndani ya kama sehemu ya tano ya sekunde, na ndani yake kuna mapigo matatu manne, kila moja kali kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Mkondo wa pigo la kawaida hufika ampea 30,000. Mita ya nyumbani kwako haizidi makumi ya ampea. Ukigawa nishati ya kawaida kwa muda mdogo hivyo unapata ukali wa kuzimu: kwa kitambo kile radi inalishinda bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Lakini bwawa lile likizungusha mitambo yake yote hutoa nishati ya radi nzima kwa chini ya nusu sekunde, kisha linaendelea, na kesho lipo. Radi haina sekunde ya pili.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, uniti 278 si nyingi, lakini ni za bure, nipeni hizo hizo. Hapa ndipo nataka turudi kwenye mnazi, kwa sababu hili ndilo ambalo klipu zote hulikosea. Zile uniti 278 hazikufika kwenye mnazi.

Nimejuaje? Mnazi umesimama. Radi inapoingia kwenye mti hupita kwenye utomvu na unyevu wa shina, unyevu unachemka ghafla, mvuke unatafuta pa kutokea, na gome linapasuka. Kugeuza lita moja ya maji ya mvua kuwa mvuke kunahitaji kama jouli milioni 2.5. Lau jouli bilioni nzima ingeingia kwenye shina lile, ingetosha kugeuza mvuke lita 390 za maji, karibu mapipa mawili, kwa mara moja. Huo ni mlipuko wa kiasi cha kilo 240 za baruti ya TNT. Waliowahi kusikia kishindo cha wavuvi wa baruti, ambao hutumia kidogo sana ya hapo, wanajua kwamba baada ya kilo 240 tusingekuwa na mnazi wa kuutazama, wala nyumba ya jirani, na mimi nisingeandika haya.

Sasa tazama kilichotokea kweli: mstari mmoja wa gome, upana wa kiganja. Kwa kazi ile maji kidogo tu yanatosha. Ukichukua jouli milioni moja, yaani sehemu moja katika elfu ya radi ile, unapata mvuke wa maji yasiyofika nusu lita, kama glasi mbili ndogo za chai. Mvuke hutaka nafasi mara 1,700 ya maji yake. Glasi mbili zikigeuka mvuke ndani ya shina kwa kupepesa jicho, gome halina la kufanya ila kupasuka. Na vipimo vya wataalamu vinakubaliana na mnazi: inayofika pale radi inapogusa ni kati ya sehemu moja katika mia na sehemu moja katika elfu kumi ya nishati yote. Ukitaka kwa uniti, ni kati ya 2.8 na 0.03. Juu kabisa ya makadirio haya, nyumba yangu kwa siku moja na kidogo. Chini kabisa, simu moja inajaa na ya pili inafika nusu.

Nyengine imekwenda wapi? Imeliwa njiani. Radi hutoboa njia yake kwenye hewa, kilomita kadhaa kutoka ndani ya wingu mpaka ardhini, na hewa si waya. Inabidi ivunjwevunjwe mpaka ikubali kupitisha chaji. Bomba lile jembamba, la sentimita mbili tatu tu, hupashwa mpaka kufika kama nyuzi 30,000, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyopashwa hivyo hutanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho ngurumo. Sehemu hutoka kama mwanga, sehemu kama mawimbi yanayokwaruza redio ya mawimbi ya kati hata radi ikiwa mbali. Kwa hiyo mzee wetu alikosea kidogo aliposema umeme umeingia mchangani bure. Ulikuwa umeshaliwa kabla ya kufika. Ile ngurumo iliyotikisa mabati yake ndiyo uniti zake zikitumika, angani, kilomita baada ya kilomita, na hakuna mtego wa ardhini unaoweza kuzidai tena.

Hebu tuchukulie hata hivyo kwamba tunataka kile kidogo kinachofika. Tutengeneze mtego. Hapa pana fumbo ambalo binafsi naliona zuri kuliko yote.

Nishati huachwa pale penye upinzani. Waya mnene wa shaba una upinzani mdogo, ndiyo maana unafaa kushusha radi: radi inapita vizuri, na kwa kuwa inapita vizuri haiachi kitu. Mtego wa shaba nzuri hautegi. Basi tuweke upinzani, kizuizi cha kula ile nishati. Ukiweka om 1 tu, pigo la kwanza la kawaida litakuachia kama jouli 55,000. Ni uniti 0.015, taa ya wati 9 kwa saa moja na dakika arubaini. Ongeza upinzani mpaka om 10, unapata mara kumi yake, bado ni kidogo, lakini sasa juu ya kifaa chako pana volti 300,000, na radi ina tabia ya maji ya mvua kwenye mtaro: ukiyawekea kizingiti yanatafuta ubavu. Itaruka pembeni, ipite hewani, ikiache kifaa chako kama kilivyo au kikiwa majivu. Ukiirahisishia njia haikuachii kitu, na ukiizuia inakukwepa.

Waya wenyewe nao una lake. Mkondo unaopanda kwa ghafla namna ile haupendi hata shaba iliyonyooka. Kwa pigo linalopanda kwa ampea 30,000 ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kila mita moja ya waya huzaa volti kama 30,000, hata kama waya huo ni mnene kama kidole. Hilo ndilo lililoua televisheni ya jirani na feni yangu. Radi haikuingia nyumbani kwetu. Ilipiga mnazi, na waya zetu zilizokuwa karibu zikashtuliwa tu na kupanda kule kwa ghafla, kama mtu anavyoruka mlango wa jirani ukibamizwa. Ndiyo sababu kuchomoa plagi kabla ya mvua kuanza kunasaidia, na kuzima swichi hakutoshi: pengo la ndani ya swichi ni la milimita chache, na volti zile hulivuka bila ya kubisha hodi.

Betri hata tusiizungumze sana. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, hii tunayoiona madukani, huhifadhi kama uniti 1.2, na hujazwa kwa ampea kumi au ishirini kwa saa kadhaa, kwa sababu ndani yake ni kemikali zinazobadilika polepole. Kuipa ampea 30,000 kwa sehemu ya milioni ya sekunde ni kama kumlisha mtoto uji kwa mpira wa zimamoto. Vipo vifaa vinavyopokea chaji haraka zaidi, lakini lazima vijengwe kuhimili radi kubwa kabisa, gharama ya nyumba nzima, ili vikae mwaka mzima vikisubiri chaji ya simu.

Na kusubiri ndiko kunakomaliza hoja. Kijana alisema tujenge mnara mrefu uvute radi zote. Watu wengi huamini chuma huvuta radi kutoka mbali, kama sumaku. Hakivuti. Radi inashuka kwa hatua hatua na haijui itaishia wapi mpaka ifike makumi ya mita kutoka kwenye vitu vya chini. Wahandisi wa kinga ya radi hukadiria kwamba mnara kwenye ardhi tambarare hukusanya radi za duara lenye nusu kipenyo mara tatu ya urefu wake. Mnara wa mita 60, kama hii ya simu, unakusanya duara la mita 180 kila upande, kama hekta 10. Tuseme kwa mfano, tena kwa ukarimu, kwamba kila kilomita ya mraba inapigwa mara tano kwa mwaka. Hekta 10 ni sehemu ya kumi ya kilomita ya mraba, kwa hiyo mnara wetu utapigwa mara moja kwa miaka miwili.

Mara moja kwa miaka miwili, kwa mavuno yasiyozidi uniti tatu.

Juu ya paa la skuli niliyosomesha mwisho pana paneli za sola. Paneli moja ya wati 300, kwa jua letu hili na mawingu yake, hutoa kama uniti 1.2 kwa siku. Inauzidi mnara ule wa miaka miwili kabla ya siku ya tatu kwisha. Na kama mtu ataniambia mnara wa Wete ni mfano mbaya, nitampeleka Uswisi, kwenye mlima wa Säntis. Kuna mnara wa mita 124 pale kileleni unaopigwa na radi karibu mara 100 kwa mwaka, katika iliyopigwa zaidi Ulaya nzima. Zipe radi zake zote lile kadirio la juu kabisa, sehemu moja katika mia. Mavuno ya mwaka yatakuwa kama uniti 280. Nyumba yangu, miezi mitatu na siku ishirini. Mwaka 2021 wanasayansi walifunga pale leza yenye nguvu na wakafanikiwa kuiongoza radi kwa kama mita 50 angani, kazi kubwa kweli, lakini hawakuwa wakitafuta uniti. Walitaka kinga.

Waliojaribu kuitumia radi wapo. Nchini humo humo Uswisi, kwenye mlima Generoso, wanafizikia watatu kutoka Ujerumani, Brasch, Lange na Urban, walitandaza waya kati ya vilele miaka ya 1920 wakavuta chaji za dhoruba. Walichotaka ni volti, mamilioni ya volti za kurushia chembe za atomu, na kwa hilo radi inafaa, maana volti ndizo ilizonazo. Urban alianguka mlimani mwaka 1928 akafa. Mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani ilijaribu kwa nia ya biashara, kuuza umeme wa radi hasa, na mkuu wake akakiri hadharani kwamba hawakuweza. Kwa hiyo si kwamba wakubwa wanatuficha. Wamejaribu.

Barazani pale mama mmoja aliyekuwa akipita alisimama akauliza swali ambalo lilikuwa na maana kuliko yote: "Na mtu aliyepigwa, si huwa na umeme ndani yake, hagusiki?" Hapana, Bi. Na sasa unaona kwa nini. Kama shina la mnazi halikubakisha kitu baada ya kupepesa jicho, mwili wa mtu hautabakisha. Mwili si betri. Radi ikishapita imepita, na aliyeanguka anaweza kuguswa saa ile ile. Mara nyingi kilichosimama ni moyo au pumzi, na kila dakika watu wanaposimama mbali wakiogopa "umeme uliobaki" ndiyo dakika aliyokuwa anahitaji kukandamizwa kifua.

Mzee wa uniti nne alikuwa na la mwisho. "Haya, ya hapa ni kidogo. Ya dunia nzima je?" Setilaiti zimehesabu: kama mimweko 45 kila sekunde, bilioni 1.4 kwa mwaka, na mingi hata haishuki, inaishia wingu kwa wingu. Ukiipa yote uniti 278, inayoshuka na isiyoshuka, na ukainasa yote kwa miujiza, hufiki asilimia 2 ya umeme ambao dunia inautumia kwa mwaka.

"Basi bora nikanunue uniti," alisema, akainuka.

Mnazi ulikufa polepole. Wiki ya tatu makuti ya juu yalianza kugeuka rangi, kichilema kikaoza, kisha kichwa chote kikalala upande mmoja. Mkwezi alikataa kuupanda, akautazama tu kutoka chini na kusema huu si wangu tena. Jirani aliuangusha kwa shoka. Vipande virefu alivifanya nguzo za banda la mbuzi, vilivyobaki akavipasua kuni, na nilipomsaidia kuzipanga nilifanya hesabu kichwani, tabia ya ualimu haiishi. Kilo moja ya kuni kavu ina jouli kama milioni 16 na nusu. Kilo 60 zinatimiza jouli bilioni, radi nzima, kutoka wingu mpaka mizizi. Rundo lililokuwa mbele yetu, bila ya nguzo, lilikuwa zaidi ya hapo. Mke wake alikuja akachukua kuni nne tano, akaenda kubandika wali.